Akaunti ya Dharura na Jicho Lisilolala

Asubuhi ya Novemba 19, 2018, yapata saa 1:39 kwa saa za Afrika Mashariki, huduma ya Microsoft inayomtaka mtumiaji athibitishe kwa simu baada ya kuandika nenosiri ilikwama. Waliofungiwa nje hawakuwa makarani peke yao. Wasimamizi wa mifumo, ambao wangeweza kuiondoa hatua hiyo kwa muda ili kazi iendelee, nao walikuwa wakisubiri ujumbe usiokuja. Ilichukua takribani saa 14 hali kutengemaa.

Dawa ya siku kama hiyo ni akaunti ya usimamizi isiyoguswa siku za kawaida. Mafundi huiita akaunti ya kuvunja kioo, kama kengele ya moto iliyo nyuma ya kioo ukutani. Sharti lake kubwa ni kwamba isitegemee chochote kati ya vile vinavyoweza kuharibika.

Tuchukue chama cha akiba na mikopo chenye wafanyakazi 60, barua pepe na mafaili yao yakiwa Microsoft. Fundi anafungua akaunti mbili, maana moja inaweza kugoma. Majina yake yanaishia na `.onmicrosoft.com`, ili jina la tovuti ya chama au seva ya ofisini ikileta matatizo, zenyewe zisiathirike. Anazipa cheo cha `Global Administrator` moja kwa moja, bila utaratibu wa kuomba idhini kila mara, na haziandikishi kwenye simu ya mtu yeyote. Kisha anaziondoa kwenye masharti ya `Conditional Access`. Hapo ndipo watu wengi hujifungia nje wenyewe: Ijumaa jioni fundi anaweka sharti kwamba mfumo ufunguliwe kwa kompyuta za ofisi tu, anasahau kwamba yake haijasajiliwa, anabonyeza kuhifadhi, kwisha habari.

Zamani nenosiri refu ndani ya bahasha lilitosha. Tangu Oktoba 2024 Microsoft ilianza kudai hatua ya pili kwa kila anayeingia kwenye kurasa za usimamizi, na akaunti za dharura hazikusamehewa. Kwa hiyo chama kinanunua funguo za USB za aina ya FIDO2, ambazo hazihitaji simu wala ujumbe. Kila akaunti inapata wake, na funguo zinakaa kwenye sefu tofauti. Mhasibu anatunza funguo. Namba za siri za kuzifungulia ziko kwa meneja, ndani ya bahasha zenye lakiri. Mmoja peke yake hawezi kitu.

Sasa tuna akaunti yenye mamlaka makubwa kuliko zote na masharti machache kuliko zote. Mwizi angeitaka hiyo hiyo. Ila ina heri moja: kwa kuwa haitumiki, yeyote anayebisha hodi hapo ni habari, hata akikosea nenosiri. Fundi anaelekeza kumbukumbu za kuingia kwenye `Log Analytics` (huduma ya kulipia), na kuuliza swali hili kila baada ya dakika 5:

```
SigninLogs
| where UserId in ("ID-1", "ID-2")
```

Jibu likizidi sifuri, kengele inalia. Anatumia ID kwa sababu jina la akaunti linaweza kubadilishwa. Wapo wanaoongeza `ResultType == 0` ili waone walioingia tu. Hao hawatajua kwamba mtu amekuwa akijaribu usiku kucha. Kumbukumbu za `AuditLogs` nazo zifuatiliwe, kwani mvamizi mjanja huanza kwa kujiongezea ufunguo wake mwenyewe.

Taarifa isiishie kwenye barua pepe ya mfumo ule ule, ambao siku ya dharura huenda haufunguki. Itumwe kwa SMS kwa watu wawili, mmoja wao akiwa hana uhusiano na sefu wala bahasha. Na tusidanganyane: kumbukumbu huchelewa dakika kadhaa, hivyo kengele haimzuii mwizi. Inakuambia tu kwamba yumo.

Kila siku 90, na kila anapoondoka mmoja wa wahusika, zoezi hufanyika. Fundi anaingia kwa akaunti ya dharura bila kuwaambia wapokeaji wa SMS. Nusu saa ikipita kimya, kuna kitu kimekatika: namba ni ya mfanyakazi aliyeacha kazi, au kadi inayolipia huduma imeisha muda na hakuna aliyegundua. Ugonjwa huu wa pili hauonekani mpaka upimwe.

Kila matumizi, zoezi likiwemo, huandikwa kwenye daftari la meneja: nani, saa ngapi, kwa sababu gani. Daftari hulinganishwa na kumbukumbu za mfumo. Mstari uliomo kwenye mfumo na haumo daftarini huhesabiwa kuwa uvamizi: akaunti husimamishwa, vikao vyake hukatwa na ufunguo wake hufutwa saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.