Maji Yatafungwa Jumamosi: Barua kwa Wakazi wa Upande wa Mashariki



Jumamosi hii, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni, majiko na mabafu yenu yote hayatakuwa na maji, toka ghorofa ya chini hadi ya nne. Tunakarabati bomba kuu linaloteremsha maji kutoka kwenye tangi la juu ya paa.

Mama mmoja wa ghorofa ya kwanza amekuwa akiuliza kwa nini maji yake ni ya kudondoka wakati jirani wa ghorofa ya nne anaoga vizuri. Swali lake ni la haki. Maji yetu hushuka yenyewe, na kila mita 10 za kushuka huongeza presha ya karibu bar 1, kwa hiyo wa chini ndio wangepaswa kupata maji yenye nguvu zaidi. Fundi alifunga geji kwake. Koki zote zilipofungwa ilisoma bar 1.3, sawa kabisa na kimo cha tangi. Alipofungua koki ya jikoni, mshale ukaanguka karibu na sifuri. Hiyo ndiyo dalili ya bomba lililoziba: maji yakitulia, presha hupenya hata kwenye tundu dogo; yakianza kwenda, hayapiti ya kutosha. Ghorofa ya pili mshale ulishuka kidogo tu. Basi tatizo liko kati ya ghorofa hizo mbili.

Bomba ni la chuma lililopakwa zinki. Zinki ikishalika, kutu huota ndani na kubana njia. Kipande hicho tutakikata na kuweka cha plastiki ngumu. Ningependa kufunga maji ya ghorofa mbili tu, ila valvu za katikati zimekwama, na tukizilazimisha zitavunjika mikononi. Nazo zitabadilishwa.

Baada ya hapo tutafungua bomba lote kule chini kabisa, maji yatoke kwa kasi hadi yawe meupe. Koki moja ya jikoni haiwezi kazi hiyo, kwa sababu mwendo wake mdogo huacha kutu palepale.

Ijumaa usiku jaza ndoo. Zima hita ya maji ukutani, kwani ikiwaka bila maji itaungua. Na tafadhali funga koki zote kabla ya kutoka; iliyoachwa wazi itafurika maji yakirudi.

Yakirudi, fungua kwanza koki ya maji baridi ya bafuni, taratibu, ukiwa umetoa kichwa cha bomba la mvua. Itakohoa hewa, kisha maji ya kahawia. Usifue nguo nyeupe wala kuwasha hita mpaka yatakate. Yakiwa bado na rangi baada ya nusu saa, jaza chupa angavu uniletee chumba cha pampu; nitakuwepo hadi saa 2 usiku.

Mtunza jengo