Kuandika Daftari la Mahudhurio kwa Kompyuta

Mwalimu anayehamisha daftari la mahudhurio kutoka karatasini hadi katika jedwali la kompyuta hukutana mapema na swali hili: kisanduku kitupu kina maana gani? Je, mwanafunzi hakuja, au mwalimu hakuita jina lake? Mambo hayo mawili ni tofauti kabisa, na jedwali halina budi kuyatenganisha.

Walimu wengine huandika 1 kwa aliyekuja na 0 kwa asiyekuja, kisha hujumlisha. Njia hiyo ina kasoro, kwa kuwa katika kujumlisha, sifuri na kisanduku kitupu hutoa jibu lilelile. Wengine hupaka kisanduku rangi nyekundu. Lakini kanuni za kawaida za kuhesabu hazisomi rangi, nayo hupotea karatasi ichapwapo kwa wino mweusi. Inafaa zaidi kutumia herufi mbili: H kwa aliyehudhuria na X kwa asiyehudhuria. Kisanduku kitupu kibaki na maana moja tu, yaani bado hakijajazwa.

Tuchukue darasa la wanafunzi 42. Safu ya A ina namba, safu ya B ina majina kuanzia mstari wa 3 hadi wa 44, na safu za C hadi G ni Jumatatu hadi Ijumaa. Chini ya safu ya Jumatano, katika mistari ya 45, 46 na 47, tuandike:

```
=COUNTIF(E3:E44,"H")
=COUNTIF(E3:E44,"X")
=42-E45-E46
```

Jibu la tatu ndilo mlinzi wetu, nalo sharti liwe sifuri. Tuseme kanuni ya kwanza imetoa 37, ya pili 4, na ya tatu 1. Basi alama ya mwanafunzi mmoja haikuhesabiwa. Tukishuka safuni, huenda tusione kisanduku kitupu hata kimoja. Sababu mara nyingi ni nafasi iliyopigwa baada ya herufi: machoni ni H, lakini kwa kompyuta ni alama nyingine. Tukishuku kisanduku cha E17, tuandike pembeni:

```
=LEN(E17)
```

Jibu likiwa 2 badala ya 1, kosa limepatikana. Tufute yaliyomo na kuandika H upya. Mstari wa 45 utasoma 38, na wa 47 utasoma sifuri.

Hata hivyo, mlinzi huyo hawezi kutambua H iliyoandikwa mahali pa X, kwa maana zote mbili huhesabiwa. Kwa hiyo mwalimu ahesabu vichwa darasani kila asubuhi, aandike idadi hiyo kando, kisha ailinganishe na mstari wa 45. Zikihitilafiana, majina na yaitwe upya siku hiyohiyo, wanafunzi wakiwa bado wameketi mbele yake.