Umbo Lina Kazi Gani? Kujiandaa kwa Swali la Ushairi

Katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili ya KCSE, ile ya fasihi, swali la ushairi lina alama 20. Watahiniwa wengi wanaolijibu huanza vizuri. Wanahesabu beti, mishororo na mizani, wanaorodhesha vina, wanaitaja bahari bila kukosea. Kisha swali linawataka waeleze, na wao wanaendelea kutaja. Hapo ndipo alama zinapoponyoka, kwa sababu kuitambua mbinu ni nusu ya jibu tu. Nusu ya pili ni kuonyesha mbinu hiyo inafanya nini katika shairi lililo mbele yako.

Tuchukue beti mbili zilizotungwa mahususi kwa makala haya, tuzifanyie kazi kama tungefanya kwenye chumba cha mtihani.

Nyumba yetu ya zamani, babu aliyoijenga,
Leo mchwa wako ndani, nguzo zageuka unga,
Nasi tuko barazani, kwa rangi mpya twaringa,
Mchwa hawapigi hodi, hula nyumba kimyakimya.

Mgeni akituzuru, husifia mlangowe,
Fundi aliyeamuru, nguzo hizo zitolewe,
Twamwita mwenye kudhuru, twataka aondolewe,
Mchwa hawapigi hodi, hula nyumba kimyakimya.

Tuanze na umbo. Kila ubeti una mishororo minne, kwa hiyo hili ni tarbia. Kila mshororo umegawika vipande viwili, ukwapi na utao, kwa hiyo ni mathnawi pia. Vina vya ubeti wa kwanza ni -ni na -nga, vya ubeti wa pili ni -ru na -we. Kwa kuwa vinabadilika kutoka ubeti hadi ubeti, bahari ni ukaraguni. Vingebaki vilevile kote, tungesema mtiririko. Mshororo wa mwisho unarudiwa bila kubadilika, basi ni kibwagizo, si kiishio.

Mizani ndiyo huwakosesha wengi. Hapa kila kipande kina mizani 8, na ukipata 7 au 9 rudi kwenye herufi m. Katika “mchwa”, “mpya” na “mgeni”, m inasimama peke yake kama silabi: m-chwa, m-pya, m-ge-ni. Katika “nyumba” na “nguzo”, herufi hizo zimeungana na zinazofuata, hivyo kila neno lina silabi mbili tu. Irabu mbili zinazofuatana nazo huhesabiwa kila moja peke yake: “zageuka” ni za-ge-u-ka, mizani nne.

Sasa uhuru wa mshairi. “Mlangowe” ni inkisari ya “mlango wake”. Mtahiniwa akiishia hapo ametaja tu. Hebu hesabu: “husifia mlango wake” ingekuwa mizani 9, na kina kingekuwa -ke. Kufupisha kumetimiza mambo mawili kwa mpigo, kumetosheleza mizani 8 na kumeleta kina cha -we. Maelezo ya aina hiyo ndiyo swali linayoyataka linaposema “eleza jinsi mshairi alivyotumia uhuru wake”.

Kabla ya kugusa taswira, andika ubeti mmoja kwa lugha ya nathari, hata kama hujaulizwa. Zoezi hili hufichua usichokielewa. Ubeti wa pili utakuwa hivi: Mtu akitutembelea huisifu nyumba yetu kwa kuutazama mlango wake. Fundi aliyeagiza nguzo zilizoharibika ziondolewe, sisi tunamwita mharibifu na tunataka afukuzwe. Mchwa hawaombi ruhusa ya kuingia, wanaimaliza nyumba bila kelele. Angalia kwamba mpangilio wa maneno umenyooshwa na inkisari imeondolewa, lakini hakuna wazo lililoongezwa. Anayeandika “serikali” hapa amekwisha kufasiri, na nathari haikumtaka afasiri.

Ufasiri una mahali pake, kwenye dhamira, na lazima utoke katika maneno ya shairi. Nyumba hii ni jazanda ya nini? Maneno “yetu” na “babu aliyoijenga” yanatuambia ni urithi wa pamoja. Inaweza kuwa nchi, chama, ukoo au hata taasisi. Shairi halichagui moja, na mtahiniwa anayeng’ang’ania moja tu bila ushahidi anajifunga mwenyewe. Ni salama zaidi kusema kwamba nyumba inawakilisha urithi wa jamii, kisha kutoa nchi kama mfano.

Hii hapa aya dhaifu, ya aina inayojitokeza mara kwa mara: “Mshairi ametumia taswira ya mchwa. Taswira hii inaleta mvuto na inamfanya msomaji aelewe ujumbe. Pia kuna kibwagizo kinachosisitiza ujumbe.” Hakuna uongo ndani yake, lakini inaweza kubandikwa kwenye shairi lolote lenye mdudu na kibwagizo.

Linganisha na hii, kuhusu taswira: “Mshairi anaonyesha uharibifu usioonekana kwa kuweka taswira mbili zinazopingana. Ndani, ‘nguzo zageuka unga’, picha ya kitu kilichokuwa kigumu kikisagika hadi kuwa vumbi. Nje, wenye nyumba wako barazani ‘kwa rangi mpya’ wakiringa. Ukinzani huu unazua kejeli, kwani wanajivunia kile kisichobeba nyumba huku kinachoibeba kikiisha.”

Na hii, kuhusu umbo na dhamira: “Kibwagizo kinarudi baada ya kila ubeti, lakini uzito wake unaongezeka. Katika ubeti wa kwanza kinaeleza tabia ya mchwa tu. Katika ubeti wa pili kinakuja mara baada ya fundi kutakiwa aondolewe, hivyo kimya kinachotajwa si cha mchwa peke yao. Sauti pekee iliyoonya imenyamazishwa. Dhamira ya mshairi ni kuonya kwamba jamii inayowachukia wanaoisema kasoro yake huusaidia uharibifu uendelee.”

Aya zote mbili zina mwendo mmoja. Sentensi ya kwanza inatoa dai, inafuata nukuu fupi au rejeleo la maneno machache ya shairi, kisha maelezo ya jinsi maneno hayo yanavyolithibitisha dai. Ukinukuu mshororo mzima, mara nyingi utajikuta umejaza nafasi bila kueleza. Chagua neno linalobeba kazi. Nafsineni nayo isisahauliwe: anayesema ni “sisi”, mmoja wa wanaoringa, ndiyo maana toni ni ya masikitiko yenye kujilaumu, si ya kumshutumu mtu wa mbali.

Ukitaka kuipima aya yako, funika nukuu zilizomo usome kilichobaki. Ikiwa kilichobaki kinaweza kulifaa shairi jingine, bado hujajibu swali. Lakini usivuke mpaka kwa kutafuta maana katika kila kitu. Mizani 8 kwa 8 haisemi lolote kuhusu mchwa, bali inaleta urari wa mapigo tu. Mwalimu anayesahihisha atakubali useme hivyo na uendelee, kuliko uzue falsafa ya namba nane ukapoteza dakika ulizozihitaji kwa swali la dhamira.