Sinki la Choo Linalotikisika

Nyumba nyingi za mijini, kuanzia Mombasa hadi Mbeya, choo na bafu ni chumba kimoja. Kwa kuwa maji ya kuoga lazima yafike kwenye tundu la sakafuni, fundi wa marumaru huinamisha sakafu kuelekea huko, pengine sentimita 1 kwa kila mita. Kisha juu ya sakafu hiyohiyo analetwa fundi bomba kufunga sinki la choo cha kukaa, ambalo linataka mahali palipo sawasawa.

Hapo ndipo mtikisiko unapozaliwa. Sinki lenye kitako cha sentimita 40 likiwekwa kwenye mwinamo huo, upande mmoja utakuwa chini kwa milimita 4. Likikalia mahali ambapo miinamo miwili inakutana, au marumaru moja imeizidi jirani yake kimo, halitaegama tu bali litayumba. Isitoshe, udongo hupindapinda kidogo unapochomwa tanuruni, kwa hiyo kitako chenyewe huwa nadra kunyooka kabisa.

Mafundi wengi huitibu hali hii kwa saruji. Wanamwaga rojo chini ya sinki, wanalikandamiza, wanazungushia saruji nyeupe, kazi imekwisha. Kwa miezi kadhaa choo hutulia. Lakini saruji haipindi, na kila anayekaa huisukuma kidogo, hadi ufa mwembamba kama unywele unaonekana kuzunguka kitako. Kama na tundu la kutolea uchafu limeunganishwa na bomba kwa saruji, ufa huo hufika huko pia. Maji machafu huanza kupenya kila choo kinapoflashiwa. Ghorofani, doa litajitokeza kwenye dari ya chini. Nyumba ya chini huchelewa kugundua: maji yanazama kwenye zege, na kinachobaki ni harufu isiyoondoka hata bafu likisafishwa.

Anayehisi choo kinacheza aanze kwa kutofautisha. Anyanyue kifuniko na kiti cha plastiki, ashike udongo wenyewe kwa mikono miwili na kuusukuma. Ukitulia, kosa ni nati mbili za plastiki zinazoshika kiti, ambazo hukazwa kwa mkono kutoka chini. Udongo ukitikisika, kukaza skrubu za sakafuni zaidi si dawa. Chini ya kitako kuna uwazi, na udongo unaovutwa kuelekea uwazi hupasuka.

Kwa mfano, tuchukue sinki linalotolea uchafu kwa nyuma, kwenye bomba la inchi 4 lililotoka sakafuni na kupinda. Saruji ya zamani ikishabanduliwa na sakafu kukauka, sinki huwekwa mahali pake likiwa kavu, bila kufungwa. Pima maji huwekwa juu ya ukingo wake, kwanza kushoto kwenda kulia, kisha mbele kwenda nyuma. Kabari nyembamba za plastiki huingizwa palipo wazi mpaka sinki likatae kutikisika. Za mbao zisitumike, maana bafuni huoza. Penseli huchora mzunguko wa kitako, mahali pa kila kabari na matundu ya skrubu.

Sinki huondolewa ili kutoboa. Marumaru hutobolewa kwa keekee isiyogonga, la sivyo hupasuka. Kugonga kuanze zege linapofikiwa, na baada ya kuhakikisha hakuna bomba chini. Vumbi hutolewa tunduni kabla ya kuingiza fisha, kwa kuwa fisha iliyolalia vumbi huzunguka na skrubu.

Kiungo cha nyuma huwa ni mpira, si saruji. Mpira huvumilia mtikisiko mdogo, na siku ya matengenezo sinki hung'oka bila nyundo. Mdomo wa sinki na bomba visafishwe, kisha mpira upakwe sabuni ya maji ili uteleze. Grisi na mafuta ya mashine huuharibu. Kama mdomo na bomba havitazamani, kuna mipira iliyotengenezwa ikiwa imepinda. Kuulazimisha ulionyooka huacha upande mmoja wazi.

Sasa kabari zirudi kwenye alama zake na skrubu zisizoshika kutu, zenye washa za plastiki, zikazwe kwa zamu: kidogo kulia, kidogo kushoto. Washa ikishakaa imara, inatosha. Kabla ya kuziba chochote, kiungo cha nyuma huzungushiwa karatasi ya chooni na choo kuflashiwa mara kadhaa. Karatasi ikilowa, mpira haujakaa vizuri.

Ikibaki kavu, ncha za kabari hukatwa na silikoni huzungushwa kwenye kitako, lakini nyuma huachwa upenyo kidogo. Wengine huuona ni uvivu wa fundi. Kumbe kiungo kikija kuvuja, maji yatatokea hapo na kuonekana, badala ya kujificha chini ya sinki. Silikoni hupewa takriban saa 24 ikauke, na siku hiyo wenye nyumba hawaogi humo.