Cheti Kimo Simuni, Programu Haikioni

Kijana anajaza maombi ya kazi kwa simu. Cheti chake ametumiwa na kaka yake kwa WhatsApp, amekifungua na kukisoma muda si mrefu. Anabonyeza sehemu ya kuambatisha faili, dirisha linafunguka, na cheti hakimo. Wengi wakifika hapa huomba watumiwe upya, na nakala ya pili nayo haionekani.

Cheti hakijapotea. Kwenye simu za Android, dirisha lile si mali ya programu ya maombi. Ni la mfumo wa simu wenyewe, na lilianza na Android 4.4 mwaka 2013. Programu husema tu inataka faili ya aina gani. Mfumo ndio unaokwenda kuuliza kwa watunzaji wa faili, yaani kumbukumbu ya ndani ya simu, kadi ya kumbukumbu, folda ya `Download`, au Drive. Kwa hiyo unachokiona pale ni majibu ya watunzaji hao, si kila kitu kilichomo simuni.

Mara nyingi dirisha hufungukia `Recent`, ambayo ni orodha ya faili za karibuni tu, tena si zote. Kijana wetu abonyeze mistari mitatu iliyo juu kushoto. Itatokea orodha ya watunzaji, na mmoja wao huwa na jina la simu yenyewe. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya ndani. Akiingia humo, nyaraka za WhatsApp katika simu za miaka ya karibuni zinakaa huku:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Documents
```

Njia ni ndefu, lakini kwenye simu nyingi inafika. Folda jirani ya `Android/data` haifikiki hivyo: tangu Android 11, ya mwaka 2020, mfumo hauruhusu programu nyingine kuchagua faili humo kupitia dirisha hili. Programu iliyohifadhi waraka wako humo ndiyo pekee inayoweza kukutolea, kwa kitufe chake cha kushiriki au kuhifadhi.

Tuseme sasa cheti kimeonekana, lakini kimefifia na hakibonyezeki. Hilo ni tatizo jingine kabisa, na kufifia kwenyewe ndiko kunakolitambulisha. Programu imeomba PDF, na kaka alipiga cheti picha akatuma JPG. Mtunzaji ameiona faili, ila si ya aina iliyoombwa. Wapo wanaobadilisha jina la faili na kuandika `.pdf` mwishoni. Dirisha linaweza kudanganyika na kuipokea, lakini ndani bado ni picha, na atakayeifungua upande wa pili ataambiwa imeharibika. Njia ya kweli ni kuifungua picha, kuchagua kuchapisha, kisha mahali pa kuchagua printa kuchagua `Save as PDF`. Simu itauliza ihifadhi wapi. Chagua `Download`, maana hapo utaipata kwa urahisi.

Dirisha likikataa kufunguka kabisa, angalia kama kuna mtu aliyezima programu ya mfumo iitwayo `Files` ili kupata nafasi. Nenda `Settings`, kisha `Apps`, onyesha programu za mfumo, uiwashe.

Picha zina utaratibu wake. Zipo programu zinazofungua karatasi inayopanda kutoka chini ya skrini, yenye picha zako. Hizo hazihitaji ruhusa yoyote, zinapokea tu picha ulizozigusa. Nyingine huonyesha picha ndani ya ukurasa wao wenyewe, na hizo zinategemea ruhusa. Ukiona picha tatu au nne tu wakati unazo mamia, karibu kila mara sababu ni kwamba tangu Android 14, ya mwaka 2023, unaweza kuruhusu picha chache ulizozichagua, na siku moja ulifanya hivyo. Ingia `Settings`, `Apps`, jina la programu, `Permissions`, halafu `Photos and videos`, uongeze picha au ubadilishe ruhusa.

Hapa naomba msomaji asiharakishe kuruhusu zote. Programu ya kuhariri picha ina sababu ya kuziona. Programu ya mikopo haina, na Google ilizikataza programu za mikopo binafsi zilizo kwenye Play Store kufikia picha na majina ya watu wako kuanzia 31 Mei 2023. Zile zinazosambazwa kwa viungo nje ya Play Store hazibanwi na sharti hilo. Zikikuomba kitambulisho, ruhusu picha ya kitambulisho peke yake, hata kama itabidi urudi kwenye `Permissions` kila zinapoomba picha nyingine.