Tumbo la Godoro: Kupiga Picha ya Mkato Isiyomdanganya Mnunuzi

Anayenunua godoro hununua kitu asichokiona. Dukani ataona kitambaa, atabonyeza kwa kiganja, pengine atajilaza dakika moja, lakini kilichomo ndani husimuliwa tu. Ndiyo sababu watengenezaji hupenda picha ya mkato, ile inayoonyesha kona ya godoro imefunguliwa na matabaka yamepangana kutoka kitambaa cha juu hadi cha chini. Msomaji akiona maneno kama "raha ya usingizi" anajua ni maneno ya biashara. Akiona godoro limekatwa mbele ya macho yake, anaona ushahidi. Mimi hupiga picha za bidhaa kwa ajili ya matangazo, na katika picha za aina hii nina sharti moja: unene wa kila tabaka pichani ulingane na unene wake ndani ya godoro. Mwanga, rangi na pembe ya kamera vipo kulisaidia jicho lisome, na havina ruhusa ya kubadili vipimo.

Kuna namna tatu za kuonyesha matabaka. Ya kwanza ni mkato ulionyooka, ambapo godoro hukatwa wima na kupigwa picha likitazamwa ubavuni. Unene huonekana sawasawa, ila sura ya juu ya kila tabaka haionekani. Ya pili ni mkato wa ngazi: kila tabaka hurudishwa nyuma kidogo kuliko la chini yake, kiasi cha sentimita 10 hivi, ili msomaji aone unene kwa mbele na sura yake kwa juu. Ya tatu ni matabaka yanayoelea, yameachanishwa hewani kama yanapaa. Hiyo ya tatu inapendeza na inaonyesha mpangilio vizuri, lakini nafasi zilizo kati ya tabaka na tabaka humfanya mtazamaji asijue godoro zima lina kimo gani. Kwa tangazo la gazeti au la ukutani mimi huchagua ngazi.

Tuchukue godoro la springi la inchi 10, yaani sentimita 25. Juu kuna kitambaa kilichoshonewa pamoja na pamba ya nailoni na sponji nyembamba, jumla sentimita 2. Chini yake kuna sponji ya kulalia ya sentimita 3, kisha felti ya nusu sentimita inayozuia springi zisitoboe sponji. Halafu springi zenyewe, sentimita 15. Chini yake kuna felti nyingine ya nusu sentimita, sponji ya msingi ya sentimita 2, na kitambaa cha chini kilichoshonwa kama cha juu, sentimita 2. Ukijumlisha unapata 25 kamili. Ubavu huo ukichapishwa kwa kimo cha sentimita 10, springi zitachukua sentimita 6, sponji ya kulalia milimita 12, na felti milimita 2 tu.

Hapa ndipo mvutano unapoanzia. Mwenye bidhaa angependa sponji ya kulalia ionekane nene, kwa kuwa ndiyo inayouza. Tuseme mchoraji akainenepesha ifike sentimita 6 na kuzibana springi zibaki 12. Kimo cha godoro hakikubadilika, na kila tabaka lililoonyeshwa lipo kweli. Lakini sponji iliyokuwa moja ya tano ya springi sasa inaonekana nusu yake. Mnunuzi ataondoka akiamini amepata ulaini maradufu ya ule aliolipia, wakati hakuna neno hata moja lililoandikwa kwa uongo.

Kukata kwenyewe kuna ufundi wake. Si vizuri kuchukua godoro lililokwisha kushonwa na kulipasua, kwa sababu kitambaa kilichovutwa kikilegea hukunjamana, na matabaka yaliyogundishwa huchanika ovyo. Ni afadhali kukiomba kiwanda vipande vya kila tabaka kabla havijaunganishwa, kila kimoja na ukubwa unaotosha ngazi zote, kutoka katika shehena ileile inayouzwa. Sponji hukatwa kwa kisu cha umeme au kisu kirefu cha mkate, kwa mikato mirefu isiyokandamiza. Ukiibana wakati unaikata, ikiachiliwa hurudi katika kimo chake na ule uso uliodhani umenyooka unaingia ndani katikati. Kasoro hiyo unaitambua kwa kuegemeza rula: mwanga ukipita kati ya rula na sponji, kata upya. Waya wa moto, unaotumika kukatia maboksi meupe ya barafu, haufai hapa, kwani sponji ya godoro ikiungua hutoa moshi wenye sumu.

Springi zina shida yao. Katika godoro letu la mfano kila springi imevikwa kifuko chake cha kitambaa kisichofumwa, kile kinachoshonewa barakoa za hospitalini. Mtazamaji akiona vifuko tu, anaona safu ya mito midogo myeupe. Hivyo inabidi kufungua vifuko vichache vya mbele ili waya uonekane. Lakini springi iliingizwa humo ikiwa imebanwa, na kifuko ndicho kinachoizuia isirefuke. Ukipasua kwa mkasi inaruka juu, inasukuma felti na sponji, na ghafla ile kona ya mbele imepanda kuliko godoro linalouzwa. Dawa yake ni kuifunga springi kwa mshipi wa kuvulia samaki, juu na chini, kwa kimo kilekile cha sentimita 15, kabla ya kugusa kitambaa. Mshipi hauonekani kwenye kamera. Baada ya hapo pima tena kona zote kwa rula. Safu ya mbele nayo haina jirani wa kuiegemea, kwa hiyo springi zake hulala nje. Kibao chembamba kilichofichwa nyuma yake, na kushonwa na vifuko, huzisimamisha wima.

Mwanga ndio unaotenganisha tabaka na tabaka. Vitu karibu vyote humu ni vyeupe: sponji nyeupe, felti nyeupe, vifuko vyeupe. Taa ikiwekwa usawa wa kamera, ubavu mzima unakuwa kipande kimoja cheupe kisicho na mistari. Taa iwekwe kando na chini kidogo, ili mwanga upite ukiparuza uso uliokatwa. Vitundu vya sponji vitapata kivuli, nyuzi za felti zitaonekana, na pale matabaka mawili yanapokutana utatokea mstari mwembamba mweusi. Upande wa pili weka kadibodi nyeusi ili ukingo wa godoro usipotelee kwenye ukuta mweupe wa nyuma. Kamera isogezwe mbali na lenzi iwe ndefu, milimita 85 hadi 100. Lenzi fupi ikikaribia hunenepesha kona iliyo mbele na kukondesha ya nyuma, na hapo vipimo vyetu vyote vimeharibika bila mtu kugusa kisu.

Limebaki tatizo la felti. Katika tangazo la simu, ambapo ubavu wa godoro una kimo cha sentimita 3, felti ya nusu sentimita inakuwa zaidi kidogo ya nusu milimita. Haisomeki. Njia rahisi ni kuinenepesha. Njia ya haki ni kuiacha ilivyo na kuweka pembeni duara la kukuza linaloonyesha sehemu hiyo tu, likiwa na mpaka wake ili kila mtu ajue kwamba pale picha imekuzwa. Mistari ya maelezo yote itoke upande mmoja, isikatane, ifuate mpangilio wa juu kwenda chini, na kila jina liambatane na kipimo. "Sponji ya kulalia, sentimita 3" ni taarifa. "Tabaka la faraja" peke yake halimwambii mtu lolote.

Hata picha iliyopigwa kwa uaminifu ina mpaka wake: haionyeshi densiti, yaani uzito wa sponji kwa kila mita ya ujazo. Sponji ya kilo 18 na ya kilo 30 zinaweza kufanana kabisa mbele ya kamera, ingawa ile nyepesi kwa kawaida huwahi kubonyea na kubaki imebonyea. Rangi nayo haisemi kitu. Waridi, bluu au kijani ni rangi iliyotiwa kiwandani, mara nyingi ili wafanyakazi wasichanganye aina. Kwa hiyo densiti lazima iandikwe. Tena kuihakiki ni rahisi: kata mchemraba wa sponji wa sentimita 10 kila upande, upime kwenye mizani ya jikoni. Gramu utakazosoma ndizo kilo kwa mita ya ujazo. Mchemraba wa gramu 25 ni sponji ya densiti 25. Kwa godoro zima la sponji la futi 5 kwa 6, inchi 8, hesabu ileile inatoa takriban kilo 14 bila kitambaa. Likiwa na densiti 18 litakuwa na kilo 10 hivi. Ila densiti isichanganywe na ugumu. Sponji nzito inaweza kutengenezwa laini, na nyepesi ikawa ngumu.

Mpaka kati ya kusaidia jicho na kulidanganya ulishawahi kufika mbele ya serikali. Mwishoni mwa miaka ya 1960, tume ya biashara ya Marekani iliishtaki kampuni ya supu ya Campbell kwa sababu katika matangazo yake gololi za kioo ziliwekwa chini ya bakuli ili mboga zisizame, zionekane zimejaa juu. Supu ilikuwa ya kweli na mboga zilikuwa za kweli. Kilichopotoshwa ni kiasi. Shauri hilo liliishia kwa makubaliano mwaka 1970, kampuni ikakubali kuacha. Kwetu, Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 na Sheria ya Kumlinda Mlaji ya Kenya ya mwaka 2012 zinakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa. Mshipi wangu wa kuvulia na gololi za Campbell vyote vimefichwa. Tofauti ni kwamba mshipi unairudisha springi katika kimo ilicho nacho ndani ya godoro, na gololi ziliipa supu wingi ambao haikuwa nao.

Mnunuzi naye ana silaha ya kutosha: rula. Pima pichani unene wa mbele wa kila tabaka, ujumlishe upate kimo cha godoro, kisha ugawe. Tangazo likisema godoro ni la inchi 10 na sponji ya kulalia ikawa robo ya picha, basi inapaswa kuwa na inchi mbili na nusu. Jumlisha vipimo vilivyoandikwa uone kama vinafikia kimo cha godoro. Matabaka yote yakiwa na unene mmoja, hiyo ni picha ya mpangilio tu na haikueleza vipimo. Ukiwa dukani, ulizia kama kava lina zipu, ufungue na kupima sponji ya kwanza. Isipolingana na picha, mwonyeshe muuzaji vyote viwili, picha na rula, kabla hujatoa pesa.