Gololi Inayokimbia Yenyewe

Wako wanaocheza mchezo wa gololi kwa kuinamisha simu, wakalalamika kuwa gololi hukimbilia ukingoni hata mkono haujasogea. Simu si mbovu. Ndani yake mna kipimo kinachohisi uvutano wa dunia, 9.8 kwa jumla. Simu ikilala mezani, upande wa urefu husoma 0. Ukiishika kwa nyuzi 40, husoma kama 6.3, nao mchezo hudhani umeinamisha makusudi.

Basi keti unavyopenda, ishike simu kama kawaida yako, tulia, ndipo ubonyeze kitufe cha kusawazisha. Mchezo utaihesabu hali hiyo kuwa sifuri. Ukihamia kitandani, sawazisha tena.

Kutetemeka kwa gololi ni jambo jingine. Hakuna mkono usiotikisika, na kipimo chenyewe hakitulii. Mtengenezaji huchanganya sehemu 9 za hesabu iliyotangulia na sehemu 1 ya usomaji mpya. Mtikisiko hufifia, lakini akizidisha ulaini huo, unageuza simu nayo gololi inageuka baadaye, imeshatumbukia shimoni. Ukiona hivyo, punguza ulaini, wala usiinamishe zaidi.